Mume Aliyepokea Wito

Mtaani walimwita Mama Pazia, kwa sababu alishona mapazia, na pia kwa sababu alijua yaliyo nyuma ya mapazia hayo na hakuyasema. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mumewe, fundi bomba, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, akamwachia nyumba, sanduku la spana na tabia ya kuongea peke yake. Hiyo ya mwisho alikuwa ameirithi akiwa bado mke wa mtu.

Asubuhi moja alikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Dalali wa mahakama alimtaka ahame kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo atatolewa yeye na vyombo vyake. Alidhani mlango umekosewa. Akasoma jina: lake. Akasoma la mshindi: la jirani.

Jirani alikuwa upande wa pili wa ua, anamwagilia maua.

"Habari za asubuhi, shemeji," alisema, kama alivyosema jana na juzi.

"Nzuri," alijibu Mama Pazia. Adabu ni kitu cha ajabu. Hufika kabla ya akili.

Binti yake alimpeleka kwa wakili, mwanamke kijana aliyevaa miwani mikubwa kuliko ofisi yake. Wakili alikwenda masjala ya mahakama, akaomba jalada, akarudi na nakala. Humo ndani Mama Pazia alikuwa na maisha mengine. Alikuwa ameshtakiwa kwamba anakaa kwenye kiwanja cha jirani alichoazimwa tu. Alikuwa amepelekewa wito. Hakuleta utetezi. Jina lake liliitwa kwenye korido, mara tatu, na hakuna aliyeitika. Jirani akatoa ushahidi wake peke yake, hakimu akampa ushindi. Hukumu ya upande mmoja, wakili alieleza. Mwaka mzima mwanamke mwenye jina lake alikuwa anashindwa kesi, huku yeye anapima madirisha ya watu.

"Sikuletewa chochote, mwanangu."

"Najua. Lakini sikiliza hiki." Wakili alichomoa kiapo cha mpeleka wito, yule mtu wa kugawa karatasi za mahakama, na kusoma: "'Nilionyeshwa nyumba na mdai. Mdaiwa hakuwepo. Nilimkuta mumewe barazani, anayeishi naye. Alipokea wito kwa niaba yake, akakataa kusaini kwa kuwa mikono yake ilikuwa na grisi.'"

Binti alicheka, kisha akaona kacheka peke yake.

"Cheti cha kifo kipo?" aliuliza wakili.

"Kipo."

"Basi Mungu ametupa kesi. Wito ukimkosa mdaiwa, unaweza kupokelewa na mtu mzima wa familia anayeishi naye. Marehemu haishi na mtu."

Hilo la mwisho Mama Pazia hakuwa na hakika nalo.

Maombi yalipelekwa kwa hati ya dharura. Kutengua hukumu, na kusimamisha utekelezaji wakati maombi yanasikilizwa. Aliapa kiapo chake, akaambatisha cheti cha kifo na mkataba wa yeye na mumewe kuuziwa kiwanja na baba yake jirani, mashahidi wawili wakiwa bado hai. Wakili alisema mkataba huo ni lazima uonekane: mahakama haipendi kufungua mlango kwa mtu asiye na cha kusema ndani. Na alisema kuwahi kutamsaidia. Angelala na karatasi ile mwezi mzima, wangemuuliza alikuwa anaota nini. Hakimu alizuia kwanza watu wasimtoe, akapanga siku ya kuwasikiliza wote.

Siku hiyo wakili aliomba mpeleka wito aitwe aulizwe maswali juu ya kiapo chake. Alikuja, mwanamume mkavu, viatu vimeliwa visigino kwa kazi yake. Aliapa.

"Huyo mume ulimjuaje?"

"Alijitambulisha. Nilimuuliza, wewe nani kwa mdaiwa? Akasema, mimi mumewe. Alikuwa anafungua koki kuukuu. Maneno aliyasema kwa pembeni, maana skrubu alikuwa amezishika kwa midomo."

Mama Pazia aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

Wakili wa jirani aliinuka kama amechomwa. "Mheshimiwa, iandikwe kwamba mwombaji anatikisa kichwa kukubali!"

"Kichwa hakijaapa," alisema hakimu. "Kaa."

Binti alimbana mama yake mkono. "Mama, tulia! Unatupotezea nyumba."

"Muulize alikuwa na hali gani," Mama Pazia alimnong'oneza wakili.

"Mama, hilo halitusaidii."

"Mimi linanisaidia."

Wakili alivuta pumzi. Hakuuliza hilo. Alimpa shahidi cheti cha kifo, akamwomba asome tarehe ya kifo, kisha tarehe ya kiapo chake. Alisoma ya kwanza kwa sauti. Ya pili aliisoma kwa midomo tu. Halafu akaangalia vidole vyake, kama vya mtu aliyeshikana mkono na kitu asichokijua.

Jirani ndiye aliyevunjika. Yeye hakuwahi kukisoma kile kiapo. Alionyesha nyumba kwa kidole akaenda zake, na mengine aliwaachia wanaolipwa kusoma. Sasa alikuwa ameegemea benchi la mbele, jasho linamtoka. Jeneza la marehemu alilibeba yeye, upande wa kulia, bega lilimuuma wiki nzima.

"Mheshimiwa," wakili wake alisema kwa sauti iliyopungua, "pengine alikuwepo mtu mwingine barazani."

"Pengine," hakimu alisema. "Nani?"

Kwenye nyumba ile hakukuwa na mwanamume.

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata. Hakimu alikuwa na sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Mahakama, alisema, haina haja ya kujua nani alikuwepo barazani. Inatosha kujua nani hakuwepo. Wito haukumfikia mdaiwa. Mtu hawezi kuhukumiwa bila kusikilizwa kwa jambo asilolijua. Hukumu imetenguliwa, na amri zote zilizotokana nayo. Kesi inarudi mwanzo. Mdaiwa alete utetezi wa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Gharama zitafuata matokeo ya kesi.

"Tumeshinda?" aliuliza binti kwenye korido.

"Tumeruhusiwa kugombana," alisema wakili. "Hapa huo ndio ushindi wenyewe. Kuanzia leo karatasi zote zitaletwa ofisini kwangu, si nyumbani."

Jirani aliwapita bila kusema shemeji. Alitembea katikati ya korido, mbali na kuta zote mbili.

Mpeleka wito alikuwa amesimama karibu na ngazi, anawasubiri.

"Mama, mimi sikuapa uongo."

"Sijasema umeapa uongo."

"Nimefanya kazi hii tangu nikiwa na nywele. Watu wanakimbia, wanajifanya mabubu, mmoja alijificha kwenye pipa. Yule hakukimbia." Alimeza mate. "Alikuwa mzima, mama. Amepumzika. Kuna kitu sikukiandika, maana si cha kisheria. Nilipoaga aliniambia, ukikutana na mwenyewe huko mahakamani, nisalimie. Nikaona ajabu, mtu anatuma salamu kwa mke anayelala naye nyumba moja. Nikasahau. Nisamehe."

Binti alianza kusema kitu. Mama Pazia alimzuia kwa kiganja.

"Zimefika," alisema.

Mpeleka wito aliinamisha kichwa, akashuka ngazi haraka. Safari hii hakuomba saini.