Sare Haikuwamo Kwenye Tangazo Langu

Mimi ndiye ninayeandika matangazo ya usharika wetu hapa Endasak, na mimi ndiye ninayeyasoma Jumapili kabla ya baraka. Kazi hiyo hainipi hasira. Hasira ninayoieleza hapa ilikuja na tangazo moja tu, la sala ya jioni ya kuwaombea vijana wa kidato cha nne, na mpaka leo nikilikumbuka nashindwa kukaa chini.

Kwanza nieleze tangazo lenyewe, kwa sababu nililiandika kwa akili. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alitaka mkesha. Nikamwambia hapana. Mtoto anayeingia chumba cha mtihani Jumatatu asubuhi haombewi kwa kunyimwa usingizi. Nikapendekeza saa kumi jioni ya Jumapili, ili wanaotoka vitongoji vya juu ya mlima washuke baada ya chakula cha mchana, waombewe, warudi kwa miguu kabla giza halijaingia, wale, walale. Mkuu wa shule alikubali kuwatoa wanafunzi wa hosteli, mradi matroni aje nao na awarudishe mwenyewe. Mchungaji alikubali mahubiri yawe mafupi. Nikaandika hivi:

"Jumapili ijayo, saa kumi kamili jioni, hapa kanisani, kutakuwa na sala ya kuwaombea watahiniwa wote wa kidato cha nne, wa shule na wa kujitegemea. Kila mtahiniwa aje na kalamu, penseli na rula atakazotumia, ziombewe pamoja naye. Wazazi waje nao. Tutamaliza saa kumi na moja na nusu. Vijana wetu, mmesoma kwa taabu, na Mungu ameiona taabu yenu. Ingieni bila hofu."

Maneno "wa kujitegemea" niliyaandika kwa ajili ya binti mmoja, jirani yangu. Mwaka juzi alikuwa kidato cha nne. Alipata mimba miezi michache kabla ya mtihani, akaacha shule. Baadaye alijiandikisha mwenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea, akawa anapalilia maharage ya watu asubuhi na kusoma mchana kwa madaftari ya kuazima. Kituo chake cha mtihani ni shule ileile aliyoiacha akiwa analia. Hilo ndilo lililokuwa linamtesa.

"Shikamoo mama," aliniambia siku moja pale kisimani.

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanaendaje?"

"Kusoma nimesoma. Ninachoogopa ni lile geti. Nikiliona tu miguu inakataa. Nikiweza kusimama mbele kanisani, watu wote wakiniona, basi hata getini nitapita. Nikishindwa kanisani, mama, Jumatatu siendi."

Nikamwambia aje, tangazo linamtaja. Nilikuwa na uhakika.

Jumapili nikapanda kusoma. Karatasi niliyokabidhiwa ilikuwa imechapwa upya ofisini. Maneno "wa kujitegemea" yalikuwa yamefutwa. Mahali pake palikuwa na sentensi mpya: "Watahiniwa wote wafike wakiwa wamevaa sare za shule." Damu ilinipanda. Nilisoma saa, nikasoma mahali, na nilipofika hapo nikaiacha karatasi nikasema maneno yangu yale ya mwanzo, neno kwa neno. Binti alikuwa amekaa upande wa kina mama na mtoto wake. Aliniangalia, akainamisha kichwa kukubali.

Ibada ilipoisha mwenyekiti alinifuata sakristia.

"Mama, umesoma kitu ambacho baraza halikupitisha."

"Baraza lilipitisha nilichoandika. Sare umeiweka wewe."

"Ni utaratibu tu. Vijana wapendeze."

"Sema ukweli, mzee. Unamkwepa yule binti."

Hakuona haya hata kidogo. "Ndiyo. Ameshazaa. Tukimsimamisha mbele tukamwekea mkono, hawa wengine watajifunza nini?"

Nilimjibu kwamba watajifunza kuwa kanisa lina akili. Akaondoka. Jioni hiyohiyo akalituma tangazo lake, lenye sare, kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na nakala moja ikabandikwa kwenye mlango wa kanisa. Nilibandua ile ya mlangoni. Ya kwenye simu za watu sikuweza kuibandua. Kesho yake kutwa nilikuwa nagombana na sufuria jikoni kwangu.

Jumapili ya sala ilipofika, upepo wa mlimani ulikuwa unavuma vibaya. Wa vitongoji vya juu walifika mapema, viatu mkononi kwa sababu ya matope, wakavivaa mlangoni. Wa hosteli wakaja na matroni wao. Mashati meupe yakajaza mabenchi ya mbele. Binti alikuja na mama yake, aliyekuwa amembeba mjukuu mgongoni. Binti alivaa gauni la kijani, la kanisani, limepigwa pasi vizuri. Mkononi alikuwa na mfuko mdogo wa nailoni wenye kalamu mbili, penseli na rula. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni mwenyewe, akielekeza watu. Alimwonyesha benchi la nyuma, la wazazi. Binti akaenda kukaa.

Mchungaji alihubiri kwa ufupi kama alivyoahidi. Kisha akasema, "Watahiniwa, njooni mbele na vifaa vyenu." Wakasimama, wakajipanga mbele ya madhabahu, kila mmoja ameshika kalamu zake mbele ya kifua. Binti naye akasimama kule nyuma. Akatoka kwenye benchi, akaanza kuja.

Mwenyekiti akainua mkono katikati ya njia. "Wenye sare, binti. Wewe kaa."

Nilishasimama. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo hayasemwi kanisani, na ningeyasema, Mungu anisamehe. Lakini binti alitangulia.

"Shikamoo, mzee."

Ikabidi aitikie. Watu wote walikuwa wanasikia. "Marahaba."

"Mwaka juzi siku kama ya leo, baba wa mtoto wangu alisimama pale mbele. Alikuwa na sare. Mchungaji alimwekea mkono, na wewe ukampa mkono ukamtakia heri. Mimi nilikuwa nje, dirishani, na tumbo langu. Nilimwombea, mzee. Nikaitikia amina."

Akauinua mfuko wake wa kalamu mbele ya kifua.

"Sasa naomba nipite."

Yule kijana tulimjua wote. Alifaulu, yuko chuoni, na mama yake alikuwa benchi la tatu, anaangalia viatu vyake. Kwamba ndiye baba wa yule mtoto, tulijua tangu mwanzo. Mimi pia nilijua, na hasira yangu ikapata watu wengi zaidi wa kuwaangukia, nami nikiwa mmoja wao.

Mwenyekiti hakuushusha mkono. Binti alipita chini yake. Alienda akasimama mwisho wa mstari, na msichana aliyekuwa karibu naye, wa hosteli, akasogea kumpa nafasi. Mchungaji alimwekea mkono yeye wa kwanza.

Jumatatu nilikuwa barabarani, ng'ambo ya geti la shule, kabla ya saa moja na nusu, nikijifanya nasubiri bodaboda. Alipita kwa miguu na mfuko wake. Alipofika getini alisimama. Alisimama muda mrefu hata nikaanza kuvuka barabara kumfuata. Kisha akakung'uta matope ya viatu kwenye nguzo, kimoja, halafu kingine, akaingia.