Bonde la Shangazi na Maharagwe Yangu

Nilifika kwa shangazi, kwenye kilima kisicho mbali na Kavumu, nikiwa na begi la nguo na daftari mbili za uchumi. Ilikuwa wakati wa vita vya pili nchini mwetu. Chuo chetu cha Bukavu kilikuwa kimefungwa, chakula nyumbani kimepungua, na baba alisema niende kwa dada yake mpaka mambo yatulie. Shangazi alinishika mikono, akaigeuza, akacheka.

"Hii ni mikono ya kushika stylo, kalamu tu," alisema. "Tutaona kama itajuwa jembe."

Nasema ukweli, na watu hunishangaa: miezi ile ilikuwa ya furaha kwangu. Niliamka na ukungu bado umelala bondeni, nikateremka na wanawake wa kikundi chetu, kila siku shamba la mwenzetu mmoja kwa zamu. Walinitania kwa jinsi nilivyoshika jembe. Saa sita tulikula viazi vitamu vya kuchoma tukiwa tumekaa kwenye majani, na shangazi alinimenyea changu kana kwamba bado ni mtoto. Hadi leo harufu ya udongo uliolowa hunirudisha pale.

Ardhi yenyewe ilikuwa imebaki kidogo. Mashamba makubwa yalikuwa juu, nyuma ya mikaratusi, na huko watu wenye silaha walikuwa wamepiga kambi. Wanaume wengi walikuwa wamekimbia. Kwa hiyo kila nyumba ilibakiwa na vipande viwili: kimoja mteremkoni na kimoja chini bondeni, penye maji. Mbegu zilikuwa za aina mbili, mahindi na maharagwe. Zamani walizichanganya, lakini hata ukichanganya, nafasi ya shina moja la hindi huwezi kuipa pia maharagwe. Kila ukiongeza hiki, kile kinapungua.

Shida yetu ilikuwa mjukuu wa shangazi, msichana wa miaka mitatu aliyeachwa na mama yake marehemu. Miguu yake ilianza kuvimba, nywele zikawa nyekundu nyekundu, akakaa mlangoni bila kucheza. Bwaki, ndivyo huko wanavyouita utapiamlo huo. Muuguzi wa zahanati alisema mtoto anashiba bugali mtupu, apewe maharagwe kila siku. Nilimpenda mtoto yule vibaya sana. Usiku nililala naye, nikimsikiliza anavyopumua.

Siku ya kuchagua mbegu, wanawake walikusanyika uani kwa shangazi na nyungo zao. Desturi yao ilikuwa kukubaliana kwanza kabla mtu hajatia mbegu ardhini, maana walilima pamoja. Walikuwa wameshaamua: mteremkoni maharagwe, bondeni mahindi. Mimi nikasimama. Nilichukua mkaa nikachora mlangoni: mahindi yakipanda juu, maharagwe yakienda kando, na mstari katikati yake.

"Mwaka jana shangazi alipata gunia tatu za mahindi mteremkoni," nilisema. "Maman jirani, kipande sawasawa na hicho, alitia maharagwe akapata gunia tatu. Kwa hiyo gunia moja la mahindi ni gunia moja la maharagwe. Bondeni shangazi anapata gunia nne za mahindi. Akiziacha, anapata nne za maharagwe. Watoto wana bwaki. Tutie maharagwe kote!"

Mstari wangu ulinyooka kama rula, na ndipo kosa lilipokuwa. Darasani profesa alikuwa amechora mstari uliobinuka kuelekea nje. Mimi nilipounakili nilidhani mkono wake tu ndio uliopinda.

Mwanamke mmoja mzee alicheka mpaka akashika ungo wake usimwagike.

"Mademoiselle, kule mu bonde maharagi inaoza. Maji iko mingi. Muhindi njo inapenda pale. Kwa mulima, ukiacha muhindi hauachi kitu kikubwa. Kwa bonde, unaacha chakula yote na unapata matope."

Maelezo yake yalikuwa somo zima la profesa, bila chaki. Kuanza na mteremko kulikuwa rahisi kwa sababu mteremko ulifaa maharagwe. Kuendelea hadi bondeni kulikuwa ghali, kila kikapu cha maharagwe kikidai mahindi mengi kuliko kile kilichotangulia. Lakini nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma, na nilikuwa na hofu. Nikaanza kulia mbele yao nikimwonyesha mtoto mlangoni.

Kikundi kilikataa. Shangazi akasema, "Banamuke, muache. Miye sikusoma, huyu mutoto alisoma. Bonde yangu itapata maharagi."

Nilifurahi. Nakumbuka jinsi nilivyofurahi, na inaniuma.

Mvua ilinyesha vizuri msimu ule. Mteremkoni maharagwe yalitambaa, tukachuma majani yake kabla hata ya maganda kujaa, tukayapika, na mtoto akala. Maharagwe yenyewe yalipoiva, tulipata gunia tatu kasoro kidogo. Uvimbe ukashuka. Siku moja nilimkuta anamkimbiza kuku uani, nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Bondeni majani yaligeuka manjano, mizizi ikaoza. Tulivuna beseni moja, nusu yake tukaitupa. Kulia na kushoto kwetu mahindi ya majirani yalisimama marefu, na katikati yalikuwa matope yangu. Hakuna aliyenicheka. Ningependelea wanicheke.

Nilihesabu upya, safari hii vizuri. Maharagwe yaliyomponya mtoto yote yalitoka mteremkoni, ambako kikundi kilikuwa kimeshakubaliana kuyatia. Bonde halikumwongezea hata sahani moja ya maana. Nilikuwa nimetoa gunia nne za mahindi kwa nusu beseni.

Kubadilisha maharagwe kwa unga sokoni hakukuwezekana. Njiani palikuwa na vizuizi viwili vya wanajeshi, na kila kimoja kilijichukulia kikombe chake, wakati mwingine beseni zima. Majirani walitupa mahindi mabichi kwa siku chache, lakini nao walikuwa na midomo yao.

Asubuhi moja shangazi aliniita jikoni. Alikuwa ameshanifungia viazi kwenye kitambaa.

"Mutoto yangu, kesho banamuke banashuka Bukavu. Utaenda nabo."

"Shangazi, umenikasirikia?"

"Hapana. Miye nilikubali, haiko kosa yako." Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Chakula yenye iko hapa inatosha batu babili. Muhindi ya bonde njo ilikuwa yako. Nilipiga hesabu yake siku ulifika: utakaa na siye mpaka masomo ianze."

Nilikuwa nimelihesabu lile bonde kwa magunia tu. Yeye, tangu siku aliponicheka mikono, alikuwa amelihesabu kwa sahani yangu, na bado alinikubalia mbele ya wenzake ili nisiaibike.

Nilishuka kesho yake na wale wanawake. Mtoto alinisindikiza hadi njiani kwa miguu yake miwili myembamba. Majuma machache baadaye mapigano yalihamia upande wa Kavumu na njia ikafungwa. Ilipofunguka, ilikuwa imepita zaidi ya miaka miwili, na shangazi alikuwa ameshazikwa.