Kunde za Chupa

Kabla biashara haijaachiwa huru, chupa ya mdomo mpana ilikuwa kitu cha kuombwa kwa watu. Nyumba iliyokuwa nayo iliificha kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Kisha maduka ya Bariadi yakafunguka kama mfereji ulioondolewa magogo. Zikaja jemu za ng'ambo, siagi ya karanga, vitu vyeupe vya kupaka mkate ambavyo hatukujua vimetokana na nini. Watumishi wa serikali walikula vilivyomo, na mama yangu akapita nyuma yao akikusanya chupa.

Mama alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisani waliofundishwa kuhifadhi matunda. Mwalimu wao, mgeni aliyekaa kwetu msimu mmoja tu, aliwafundisha jemu ya maembe na achari ya ndimu. Unachemsha chupa, unajaza, unafunika, unaichemsha tena ikiwa imezama majini, unaitoa. Inapopoa, kifuniko kinajinyonya kwa ndani na kutoa mlio mdogo, tiki. Mama aliupenda mlio ule. Aliketi jikoni akiusubiri kama mtu anayesubiri mtoto aongee neno lake la kwanza.

"Umesikia? Imelala hiyo. Hakuna mdudu atakayeingia humo."

Jemu ilikaa mwaka mzima bila kuharibika. Hapo ndipo alipowaza kunde.

Kwetu majani ya kunde hukaushwa. Mvua zinapokuwa nyingi na mboga zinaoza shambani, kila nyumba huyachemsha kidogo, huyaanika juani mpaka yawe meusi na makavu, na hiyo ndiyo nsansa, mboga ya kiangazi. Nimeila utoto wangu wote. Ina ladha ya vumbi jema na moshi. Lakini mama alishachoka nayo. Alisema nsansa ni mboga ya watu waliokata tamaa, na kwamba wake wa watumishi wa mjini, waliotoka mikoa yenye mvua, wangefurahi kupata kunde za kijani mwezi wa nane, ng'ombe wanapolamba udongo.

Akafanya kama alivyofundishwa kwa maembe, ila kwa mambo mawili. Ndimu hakutia, kwa sababu iligeuza majani kuwa rangi ya kahawia na kuyapa uchachu usiofaa kwa ugali. Badala yake alitia magadi, kama anavyofanya kila mwanamke wa kwetu anayepika majani magumu, ili yalainike na kubaki kijani. Akachemsha chupa zile kwa muda mrefu kuliko hata za jemu. Zilipopoa zote zikalia tiki, tiki, na akazipanga katika boksi chini ya kitanda chake, kwenye giza na joto.

Kiangazi kilipofika, alizifungua za kwanza nyumbani. Tulizichemsha upya kwa karanga za kusaga, sufuria ikatokota mpaka mafuta yakaelea, tukala, tukalamba vidole. Tukala tena, na tena. Baba, aliyekuwa akinunua pamba kwa niaba ya kampuni mpya na kurudi nyumbani na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, alisema mke wake amezidi serikali kwa akili. Mama akaanza kuuza. Kila aliyenunua aliambiwa maneno yaleyale: "Hii imeshaiva. Hata kuni huhitaji. Fungua, katia nyanya na kitunguu, kula."

Dada yake baba aliolewa Dutwa. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na kicheko kinachomtangulia barabarani, na yeye na mama walitaniana kila walipoonana.

"Wifi, umeanza kuzika mboga? Sisi tunazika watu tu."

"Zichukue ukale, utanyamaza."

"Nikinyamaza mimi, Dutwa nzima italala usingizi," alijibu shangazi. Akaifunga chupa katika kanga, akapanda basi.

Nilikuwa likizo. Siku chache baadaye alifika kijana kwa baiskeli kusema shangazi amelazwa hospitali ya Bariadi. Tulimkuta ameketishwa, mgongo ukiegemea ukuta. Kope zilikuwa zimemwangukia na alizinyanyua kwa kidole ili atuone.

"Mko wawili wawili," alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakitoka yamelowana. "Wifi, nakuona mara mbili. Mmoja alikuwa ananitosha."

Hakuwa na homa. Akili yake ilikuwa safi kama maji ya kisima. Kinywa kilimkauka, lakini maji aliyopewa yalimrudia puani. Kesho yake shingo ilishindwa kubeba kichwa, kisha mikono ikashindwa. Udhaifu ulimteremkia kutoka juu kwenda chini kama mtu anayefunga milango ya nyumba, chumba baada ya chumba, na shangazi akiwa ndani anasikia kila komeo.

Daktari alimpima malaria, akamgonga magoti. Kisha akamwita mama pembeni, na nilikuwepo.

"Amekula nini, mama?"

Mama akataja ugali, akataja chai. "Na kunde za chupa. Nimezitengeneza mimi."

"Alizichemsha kabla ya kula?"

"Zilikuwa zimeshaiva. Sisi nyumbani ndio tulizichemsha tena, kwa karanga."

Daktari alieleza taratibu, akitazama sakafu. Kuna mdudu wa udongoni, mdogo asiyeonekana, ambaye mbegu yake haifi kwa maji yanayochemka, hata uchemshe kutwa. Panahitajika moto mkali zaidi ya huo, ule wa mvuke uliobanwa katika chungu maalumu. Mbegu hiyo haiamki penye hewa, wala penye uchachu. Maembe yana uchachu, ndimu ina uchachu. Kunde hazina, na magadi huondoa hata ule kidogo uliokuwepo. Ukizifunga bila hewa, mahali penye joto, mbegu inaamka na kutema sumu. Mara nyingine kifuniko huvimba, mara nyingine hakivimbi. Chupa moja inakuwa nayo, jirani yake haina. Sumu yenyewe hufa ukichemsha chakula vizuri, kikatokota dakika kumi au zaidi. "Mliochemsha mliokolewa na karanga," alisema. "Ugonjwa huu nimeusoma tu, sijawahi kuuona. Dawa yake hatuna hapa, na Mwanza wameniambia hawana. Hata mashine ya kumsaidia kupumua hatuna."

"Atapona?"

"Akiendelea kupumua."

Hakuendelea. Alikufa adhuhuri, macho yakiwa yamefunikwa na kope zake mwenyewe, na baba aliyemshika mkono anasema alikuwa akibana kidogo vidole vyake mpaka mwisho, akijibu kila alichoambiwa.

Kabla hata ya kulia mama alizunguka mji. Alibisha nyumba ya kila aliyemuuzia, akasema chupa zirudi, zina sumu. Wengine walimcheka, wengine walimfungia mlango. Zilizorudi tulizichemsha sana kama daktari alivyoagiza, tukazimwaga chooni.

Kisha tukaenda Dutwa msibani, na huko tukakuta neno lingine limeshakua.

Shangazi aliishi na mama mkwe wake, bibi mwembamba asiye na meno, macho mekundu kwa moshi wa majiko ya maisha yote. Siku ile shangazi alipofungua chupa, mumewe alikuwa mnadani na ng'ombe. Bibi alikataa kula, akisema chakula baridi ni cha maiti. Shangazi alikula peke yake, na mabaki akawamwagia kuku. Kesho yake kuku walilala uani shingo zimelegea, vidomo vimegusa vumbi, wanafumba na kufumbua macho bila kuweza kunyanyua kichwa.

Watu walikuwa wameyaunganisha. Bibi hakula. Bibi alisema neno la maiti. Kuku wamevunjwa shingo bila mkono. Na macho yake mekundu kama ya mchawi, nani asiyeyaona? Alikuwa ameketi nyuma ya ghala, kanga imefunika kichwa, na hakuna aliyempelekea maji. Vijana wa ukoo walisimama kwa makundi. Shemeji mmoja wa marehemu alisema, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, kwamba mazishi yakiisha mambo yataongelewa. Kwetu kila mtu anajua mambo hayo huongelewa kwa panga.

Nilimwona mama akitazama kuku waliokuwa bado wamelala uani. Alisimama mbele yao muda mrefu, kanga imemdondoka begani. Kisha akaenda katikati ya wanaume, mahali ambapo mwanamke haendi msibani.

"Mwadila," aliwasalimu.

Waliitikia kwa kunung'unika.

"Hao kuku wamekula nilichopika mimi. Wifi yangu amekula nilichopika mimi. Mwacheni huyo mama."

"Unamfichia," alisema shemeji. "Tunajua wanawake mnavyofichiana."

"Nimfichie nini? Chupa ni yangu, mboga ni ya shamba langu, magadi nilitia kwa mkono huu. Daktari yuko Bariadi, kamuulizeni. Kuna sumu inayoota penye kitu kilichofungwa. Sikuijua."

"Sumu isiyonuka? Isiyooza?"

"Isiyonuka."

"Basi mchawi ni wewe," alisema mwingine, na baadhi wakacheka cheko fupi, baya.

"Niiteni mnavyotaka," mama alijibu. "Jina hilo nitakwenda nalo nyumbani kwangu. Yeye hana pa kwenda nalo."

Baba alikuja akasimama pembeni yake. Marehemu alikuwa dada yake, wa tumbo moja, na watu waliona amesimama upande gani. Makundi yakalegea. Hakuna aliyesema ameamini. Wakarudi tu kwenye majembe, kwa sababu kaburi lilikuwa halijafika kina.

Baada ya mazishi wanawake walipika. Mama alisonga ugali katika sufuria yake, akapika nsansa aliyoipata humohumo ndani ya nyumba ya marehemu, katika kapu lililoning'inia darini. Shangazi, aliyeitania mboga ya kuzikwa, alikuwa ameanika yake kama kawaida. Mama aliichemsha mpaka ikakaribia kukauka, akaongeza maji, akaichemsha tena. Akapakua, akaweka sahani mbele ya watu.

Hakuna aliyegusa. Wenye njaa walihamia sahani za wengine. Watoto walivutwa mikono. Nami nilianza kusogea nile, mama akanizuia kwa jicho: mwana kula cha mama yake si ushahidi.

Ndipo bibi alipotoka nyuma ya ghala, akitambaa karibu na ukuta. Akaketi mbele ya sahani ile, akanyoosha mkono.

"Ni ya moto?" aliuliza.

"Ya moto, mayu," mama alimjibu, kama anayemwita mama yake mzazi.

Akamega tonge dogo, akalichovya, akalitafuna kwa ufizi, polepole, watu wote wakimtazama. Mama alipiga magoti upande wa pili na kula naye. Walikula mpaka sahani ikaisha, wao wawili tu, na vumbi la kaburi lingali kwenye miguu yao.