Zege la Kwenye Karai

Siku ya kumwaga zege la dari ya skuli ya Chwaka, fundi mkuu aliniwekea ndoo moja ya zege pembeni, saruji tele kuliko lile la dari. "Hili la vipimo," alisema. Nikalimwaga chini mbele yake. Kazi yangu ilikuwa kushindilia zege katika visanduku vya chuma, tabaka tatu, kila tabaka mapigo thelathini na tano, na zege la kudanganyia sikuwa tayari kulipima. Nikachota kwenye makarai yaliyokuwa yakipanda juu.

"Unataka kunifedhehesha?"

"Fundi, si hili hili watakalokaa watoto chini yake?"

Akanuna. Kesho yake zege lilikuwa limeganda kuwa matofali; tukayatoa kwenye visanduku, tukayazamisha katika pipa la maji. Siku ya ishirini na nane nikayapeleka mjini kwenye mashine ya kuyavunja, naye akanifuata. Mashine ikabana. Sindano ya kipimo ikapita alama iliyotakiwa, ikawa bado inapanda, ndipo tofali la kwanza likapasuka mbavu zote nne, likabaki kiuno chembamba.

Fundi alikiokota kile kiuno, akakifunga kwenye leso yake. Kwa miaka mingi kilizuia mlango wa nyumba yake usijifunge, na kila mgeni aliambiwa: "Hili nililitoa kwenye karai!"