Sauti ya Dada kwa Jina la Mwingine

Fundi wa redio hakuwa mtu wa kuamini upesi. Betri alizoambiwa ni mpya alizipima, na wateja waliosema redio "imejizimia tu" aliwatazama mpaka wakakiri kwamba ilianguka. Lakini siku wimbo ulipotoka kwenye spika ya duka la viatu lililomkabili, alijikuta hana cha kupimia.

Ilikuwa sauti ya marehemu dada yake. Fundi ndiye aliyeirekodi, miaka mingi iliyopita, kwenye kanda moja tu ambayo haikuuzwa wala kupigwa redioni.

"Mwanangu, hebu niulizie huo wimbo," alimwambia binti anayetengeneza simu meza ya pili.

Binti aliinua simu yake. Mchonga funguo wa jirani alikuwa anakereza chuma, wateja wanabishana bei, mtoto analia. Fundi alijua simu haiwezi kuusikia wimbo humo. Kabla hajamaliza kuwaza hivyo, simu ilileta jina la wimbo na la mwimbaji. Jina la mwimbaji lilimkata maini: lilikuwa la mke mpya wa shemeji yake, aliyeolewa dada alipokwisha kuzikwa.

Kwanza aliishuku simu. Itasikiaje katika kelele kama hizi? Binti akamweleza kwamba haifuati maneno wala haijui maana. Hunasa sekunde chache, kisha huchagua vilele vya sauti, yaani pale mlio ulipo na nguvu kuliko jirani zake. Huviunganisha viwili viwili: mlio huu, mlio ule, na muda uliopita kati yao. Jozi hizo hugeuzwa namba na kutafutwa kwenye ghala la nyimbo. Kelele huongeza vilele vya uongo na kufunika baadhi ya vya kweli, lakini jozi zinazobaki, zikiangukia wimbo mmoja kwa mpangilio uleule wa muda, zinatosha.

"Na mtu akiuimba upya, akaigiza sauti?"

"Hapo hunyamaza, au humtaja mwingine. Hata mwimbaji mwenyewe hawezi kurudia vilele palepale. Inatambua rekodi, Fundi, si wimbo."

Basi njia ilikuwa moja: kuleta kanda. Simu ikiitambua, rekodi imeibwa. Na kanda ile ilitoka nyumbani mara moja tu, mwaka jana, shemeji alipoiazima amsikilize marehemu mkewe.

Shemeji aliitwa, akaja. Mtu wa utani, ndugu pekee aliyembakia Fundi, mwenzake wa chakula cha mchana kila Ijumaa. Alisema sauti za wanawake hufanana, na mkewe wa sasa anajua kuimba. Fundi alitamani sana iwe hivyo.

Kanda ikawekwa kwenye redio kaseti ya zamani. Wimbo ukalia. Simu ikasikiliza, ikasikiliza, ikasema haikupata kitu. Walirudia, jibu lile lile.

Shemeji alicheka, akampiga begani. Fundi aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alimwomba radhi mbele ya binti, na shemeji akasema yamekwisha, wala asiwaze. Alikwisha kusimama kwenda zake. Aliharakisha kidogo.

Kanda ilikuwa bado inazunguka. Fundi alitega sikio, na kilichomsumbua hakikuwa simu. Dada yake hakuwa na sauti nzito kiasi hicho.

"Ikizunguka polepole, vilele si vitashuka?" aliuliza.

"Vitashuka, na nafasi kati yao zitatanuka. Haitalingana na chochote."

Angeweza kuacha. Nani angejua? Ndugu angebaki naye, na Ijumaa zingeendelea. Lakini miaka thelathini alikuwa akiwakemea wanaorudisha redio bila kuifungua. Alichukua bisibisi, akaondoa kifuniko. Mpira unaozungusha kanda ulikuwa umelegea. Alivalisha mwingine, akakaza skrubu ya mwendo mpaka sauti ikawa ya dada, nyepesi, yenye kicheko kwa ndani.

Mchonga funguo hakupumzika. Simu haikuhitaji apumzike. Sekunde nne tu, na lile jina likarudi.

Shemeji alikaa chini.

"Niliwapelekea watu wa studio wainakili," alisema. "Nilitaka asikike, shemeji, wallahi. Wakaniuliza jina la mwimbaji. Nikasema ni mke wangu. Wakauliza anaitwaje, na huyu wa sasa alikuwa ameketi pembeni yangu, ananitazama."

Fundi alihisi hasira, na chini ya hasira huzuni aliyodhani imekwisha. Hakutukana. Alirudisha kanda mwanzo, akachukua simu ya binti na kumwekea shemeji mkononi.

"Msikilize mkeo," alimwambia. "Halafu unisomee jina."

Wimbo ulianza. Jina likajitokeza kwenye kioo, kubwa na wazi, na shemeji akafungua kinywa, asiweze kulisoma.