Kesi ya Bonde Kati ya Koo Zangu Mbili

Nilikuwa sijamaliza misimu miwili kwenye ndoa wakati ukoo wa mume wangu ulipoushtaki ukoo wa baba yangu. Waligombea bonde lililo kati yao, karibu na njia iendayo Makambako. Humo wanawake tulilima vinyungu, zile bustani za kiangazi zinazopata unyevu wakati vilimani kumekauka.

Mume wangu alichaguliwa kusimama kwa niaba ya ukoo wake. Upande wa pili wakamsimamisha baba. Siku ya kwanza barazani, hakimu alimwonyesha mume wangu kwa kidole, akaanza na watu wa ukoo wake waliojaa uwanjani.

"Huyu mmemtuma nyinyi?"

"Tumemtuma."

"Basi akishinda, mmeshinda wote. Akishindwa, mmeshindwa wote, hata ndugu zenu walioko kwenye mashamba ya mkonge, hata watoto ambao hawajazaliwa. Asije mtu kesho akaniletea kesi hii upya. Mwenye neno lingine aseme sasa."

Wakaitikia kwamba hawana. Akawauliza vivyo hivyo watu wa baba, nao wakaitikia. Mimi sikujua niitikie na kina nani.

Baba alieleza kwamba mama yake, na baadaye mke wake, walilima bondeni miaka yote bila kuzuiwa. Ndipo mume wangu akaomba niitwe. Asubuhi ile, njiani, alikuwa ameniambia neno moja tu: "Useme unachokijua."

"Mama yako alipolima kule," hakimu akauliza, "aliomba kwa mtu?"

Nilijua. Kila kiangazi, kabla ya kushika jembe, mama alinitwisha kikapu cha maharage tukampelekea bibi mzaa baba wa mume wangu, naye akatuonyesha pa kulima. Nikasema hivyo. Baba aliinamisha kichwa, hakuniuliza swali lolote.

Wazee wa baraza walikwenda bondeni wenyewe, wakaonyeshwa mipaka na makaburi. Kisha wakaamua: bonde ni la ukoo wa mume wangu, watu wa baba wavune walichopanda, watoke. Baba alikata rufaa kwa Bwana DC, Njombe. Hukumu haikubadilika.

Nikapewa kinyungu kizuri. Wifi zangu walilima pamoja, wakicheka, na nilipokaribia walishusha sauti. Kwao nilikuwa binti wa wale walioshindwa. Siku moja nikamwona mama akipita juu ya bonde na kuni kichwani.

"Kamwene, mama!"

"Kamwene," akajibu, kama anavyomjibu mpita njia, akaendelea na safari yake.

Nilipojifungua, alikuja. Alimwogesha mtoto, akanikanda kwa maji ya moto, akalala kwangu hadi kitovu kilipodondoka. Lakini mboga za bondeni hakuzigusa. Alikula ugali kwa chumvi, akitazama ukutani. Nilitaka kumwambia kwamba ningeulizwa tena ningesema yaleyale, na kwamba hata hivyo nilikuwa nikilia. Nikamwongezea ugali.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi mtoni.

"Rudi," akasema. "Mtoto ataamka."

Akavuka peke yake.