Kiini Alichokula Baba Mkwe

Nilikuwa nesi Busia miaka ya sabini. Vidonge vya kuongeza damu vilikuwa vimeisha kliniki, kwa hivyo nilibaki na ushauri tu. Mama mmoja mjamzito kutoka Burumba alipokuja, ndani ya kope zake kumepauka, nikamwambia ale yai kila siku.

Baada ya mwezi alirudi amepauka zaidi, akihema kwa kutembea tu.

“Nakula, sista, kila siku.”

Nikamuuliza anakulaje. Mama mkwe wake alimruhusu ule weupe peke yake. Kiini ni kifaranga, mwenye mimba hakigusi, basi kilikuwa kikienda kwa baba mkwe. Na madini ya chuma na zinki karibu yote yako kwenye kiini. Mimi mjinga sikuuliza mapema. Yai peke yake lisingetosha, najua, lakini hata hilo hakulipata.

Alijifungua wiki hiyo. Alitokwa na damu ambayo mwingine angestahimili. Yeye hakustahimili.

Matangani, mama mkwe aliniwekea yai zima la kuchemsha.

“Kula lote, sista,” akasema kwa upole. “Wewe huna mimba.”